Presha haishuki, uso umekuwa mviringo, na mama ana rovu: je, ni tezi ya shingo?

"Shikamoo daktari. Nina miaka 36, ninauza viazi na mahindi hapa Makambako. Presha ilianza mwaka jana. Ninameza amlodipini 10 na dawa ya kukojoza kila siku, sikosi, lakini wiki iliyopita mashine ilionesha 168/104, mapigo 86. Uso umekuwa mviringo, tumbo limejaa, ila miguu imekonda, na siwezi kunyanyuka kwenye kigoda bila kushika kitu. Tumboni nina michirizi mipana ya zambarau. Sukari nayo imepanda kidogo. Mama yangu ana rovu tangu ujana wake, na majirani wanasema nami nina rovu la ndani lisiloonekana. Situmii dawa nyingine zaidi ya vidonge vya mgongo ninavyochanganyiwa dukani tangu mwaka juzi, na krimu ya kung'arisha uso. Je, ni rovu? Nipime nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na ile sentensi uliyoiweka karibu na mwisho kana kwamba si kitu, ya vidonge vya mgongo na krimu. Kwa maelezo uliyonipa, naona jibu liko humo zaidi kuliko kwenye shingo ya mama yako. Lakini usinyanyuke sasa hivi ukavitupe vidonge hivyo jalalani. Kama vina kile ninachokishuku, kuviacha ghafla kunaweza kukuangusha vibaya kuliko presha yenyewe. Endelea navyo kwa kiasi kilekile, usiongeze wala usipunguze, na uonane na daktari ndani ya siku chache. Sababu nitazieleza.

Tuanze na rovu, maana majirani zako hawakulitoa hewani. Nyanda zetu za juu, kuanzia Iringa na Njombe mpaka Mbeya na Rukwa, zimejulikana kwa rovu kwa vizazi. Mvua nyingi za milimani huosha madini joto kwenye udongo, mazao yanayoota juu yake yanakosa madini hayo, na tezi ya shingo isiyopata madini joto hutanuka ikijitahidi kutengeneza homoni yake kwa kile kidogo inachopata. Ndiyo maana miaka ya 1980 watu wa mikoa hii waligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi ya kula iwekwe madini hayo. Mama yako inaelekea ni mmoja wa waliokua kabla ya hapo.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba rovu ni ukubwa wa tezi tu. Presha haipandishwi na ukubwa. Mtu anaweza kuwa na rovu la kujaza kiganja na homoni zake zikawa sawasawa kabisa, na mwingine akawa na shingo nyembamba huku homoni zake zimevurugika. Kwa hiyo "rovu la ndani" kwa maana ya tezi iliyoharibika bila kuvimba linawezekana, lakini halijulikani kwa kuitazama shingo. Linajulikana kwa namna linavyobadili mwili mzima, na presha ni mojawapo ya mahali linapoacha alama.

Tezi ya shingo huharibu presha kwa njia mbili zinazopingana. Ikimwaga homoni kupita kiasi, moyo huenda mbio na kupiga kwa nguvu, wakati huohuo mishipa midogo ya mwilini inalegea na kupanuka. Matokeo yake namba ya juu inapanda kwa sababu ya msukumo wa moyo, na ya chini inashuka kwa sababu damu inapata njia pana ya kupita. Mgonjwa wa namna hii mashine humsomea kitu kama 160/65, mapigo 110. Anakonda huku anakula vizuri, mikono inatetemeka akinyoosha vidole, anatoka jasho hata Julai wakati sisi wote tumejifunga mablanketi, na haja kubwa inamjia mara nyingi.

Tezi ikilala, mambo hugeuka. Mishipa hukaza na kupoteza ulaini wake, moyo unapiga polepole, na namba inayopanda zaidi ni ile ya chini: tuseme 142/100, mapigo 54. Mtu huyo anachoka, anakosa choo, ngozi inakauka na kukwaruza, sauti inakuwa nzito, kope zinavimba asubuhi, hedhi inakuwa nyingi. Na baridi inamwingia. Hapa kwetu dalili ya baridi inapotosha, kwa sababu Makambako au Uyole kila mtu anasikia baridi. Swali la maana ni kama wewe unavaa sweta mbili wakati wenzako wa nyumba moja wamevaa moja, na kama hukuwa hivyo zamani.

Sasa ziangalie namba zako. 168/104, mapigo 86. Namba zote mbili zimepanda, kwa hiyo hazifanani na tezi iliyozidi, ambako ya chini ingeshuka. Mapigo hayako polepole, kwa hiyo hazifanani sana na tezi iliyolala, ingawa hilo siwezi kulifuta kwa namba peke yake. Udhaifu wa mapaja ndio unaonizuia kukujibu kwa haraka, kwa kuwa tezi iliyozidi huuleta, tezi iliyolala huuleta, na hiki kitu cha tatu nitakachokisema huuleta pia. Lakini tezi iliyolala haichori michirizi ya zambarau tumboni, na wala haikondeshi miguu huku ikijaza tumbo. Hayo mawili yakiwa pamoja na uso wa mviringo, presha na sukari, yanaelekeza kwenye homoni nyingine inayoitwa kortisoli.

Kortisoli hutengenezwa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Huenda umesikia ikiitwa homoni ya msongo, na kwamba mtu mwenye mawazo kortisoli yake inapanda na kumletea presha. Msongo huipandisha, ni kweli, lakini kupanda na kushuka huko kwa kila siku hakuchori michirizi wala hakuli misuli ya mapaja. Ninachokizungumzia mimi ni kortisoli, au dawa inayofanya kazi kama kortisoli, iliyozidi mwilini usiku na mchana kwa miezi.

Inavyopandisha presha ni hivi. Figo zina vipokeo vya homoni nyingine inayoamuru mwili ushike chumvi. Kortisoli inafanana nayo kiasi cha kuweza kuingia kwenye vipokeo hivyo, kwa hiyo figo zina kimeng'enya kinachoizima kabla haijafika. Kortisoli ikiwa nyingi mno, kimeng'enya hicho kinazidiwa, chumvi na maji vinabaki mwilini, na potasiamu inatoka kwenye mkojo. Zaidi ya hapo, kortisoli nyingi huifanya mishipa ya damu iwe myepesi kuitikia kila kinachoibana na mizito kulegea. Ndiyo maana amlodipini yako, ambayo kazi yake ni kulegeza mishipa, inashindana na kitu kinachoikaza upya kila siku. Hujakosea kuimeza, wala si lazima iwe dawa bandia.

Misuli ya mapaja na mabega inaliwa kwa sababu kortisoli huvunja protini kuwa sukari. Hapohapo ndipo sukari yako inapotokea. Ngozi nayo inapoteza nyuzi zake, inakuwa nyembamba, inachubuka kwa kugonga kidogo tu, na pale inapovutwa na mafuta ya tumbo inapasuka kwa ndani. Hiyo ndiyo michirizi. Ya uzazi mara nyingi ni myembamba na hufifia kuelekea kijivu au rangi ya fedha. Ya kortisoli ni mipana, mara nyingi kuzidi sentimita moja, imebonyea ukipitisha kidole, na ina wekundu uliokolea. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu huo unaweza kuonekana kahawia iliyoiva au zambarau, na chini ya taa ya ndani mtu asiuone kabisa. Itazame mchana, karibu na dirisha. Ukienda hospitali vua koti na ufunue tumbo hata kama daktari hajakuomba. Huku kwetu watu wanapimwa presha wakiwa na majaketi, mkono mmoja tu umetolewa, na alama kubwa kuliko zote inabaki chini ya vitenge.

Kortisoli inaweza kuzidi kutokea ndani, yaani uvimbe mdogo chini ya ubongo au kwenye tezi za juu ya figo unaiamuru au kuimwaga bila kikomo. Ugonjwa huo upo, lakini ni nadra. Njia ya kawaida kabisa ni kutoka nje, kwa dawa za steroidi: prednisoloni, deksamethasoni, betamethasoni, klobetasoli na ndugu zao. Ni dawa nzuri mno zinapotumika mahali pake. Zinaokoa mtu wa pumu kali, zinasaidia mapafu ya mtoto anayetarajiwa kuzaliwa kabla ya wakati. Tatizo ni kwamba zinaondoa maumivu ya aina nyingi upesi, zinaongeza hamu ya kula, na ni bei rahisi. Basi zinaingia kwenye vifuko vya dawa za mgongo, na wengine huuziwa kama vidonge vya kunenepesha.

Tufanye hesabu kidogo. Mwili wako wenyewe, kwa siku ya kawaida, hutengeneza kortisoli inayolingana na takriban miligramu 5 za prednisoloni. Deksamethasoni ina nguvu zaidi: miligramu 0.75 ni sawa na prednisoloni 5. Kidonge cha deksamethasoni cha 0.5 ni kidogo, hakitishi mtu. Lakini ukichanganyiwa kimoja asubuhi, kimoja mchana na kimoja usiku, umekula miligramu 1.5 kwa siku, sawa na prednisoloni 10. Yaani umeongeza mara mbili ya mahitaji ya siku nzima, na kwako hilo lingekuwa limeendelea tangu mwaka juzi. Kiasi hicho kinatosha kuleta kila ulichokiandika.

Krimu nayo usiidharau. Zipo krimu za kung'arisha ngozi zenye klobetasoli, mojawapo ya steroidi kali kuliko zote za kupaka, na imeonekana kuwa gramu 2 tu kwa siku zinaweza kutosha kuzizima tezi za juu ya figo. Kamua krimu kutoka kwenye ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye kifundo cha kwanza. Hiyo ni kama nusu gramu. Uso na shingo vinahitaji vipimo viwili na nusu vya namna hiyo. Ukipaka asubuhi na jioni, umefika gramu 2.5 bila kugusa mikono. Kama tyubu ya gramu 30 inakuishia ndani ya wiki mbili, uko kwenye kiwango hicho. Tazama maandishi ya kiungo kwenye tyubu au kopo: ukiona neno linaloanza na herufi C-L-O-B au B-E-T-A-M, lichukue mpaka kwa daktari. Zile zinazokorogwa na kuuzwa kwenye vikopo bila jina usizichukulie kuwa salama eti kwa kuwa hazina maandishi.

Nirudi kwenye onyo langu la mwanzo. Ubongo hupima kortisoli iliyomo kwenye damu na kuagiza nyingine inapopungua, kama mfanyabiashara anayeagiza mzigo pale tu ghala linapoanza kuwa tupu. Vidonge vikijaza ghala kila siku kwa miezi, ubongo unaacha kuagiza, na tezi za juu ya figo zinasinyaa kwa kukosa kazi. Ukikata vidonge leo, kesho huna kortisoli ya dukani wala ya kwako. Presha inaanguka, sukari inashuka, unatapika, tumbo linauma, unazimia. Wengine hubaki na uchovu na maumivu ya viungo tu kwa siku kadhaa, wakadhani ni ule ugonjwa wa mgongo umerudi, wakakimbilia dukani kununua tena. Halafu siku wanapopata malaria kali, ajali au upasuaji, wakati ambao mwili ulihitaji kortisoli mara kadhaa ya kawaida, ndipo wanapoanguka.

Kuhusu vipimo, kipimo cha kwanza na cha bei nafuu kuliko vyote ni mfuko wa plastiki. Weka humo kila kidonge, kila karatasi ya dawa, kila kopo la krimu, hata vilivyokwisha, na umwambie daktari bila kuficha, "Hivi ndivyo ninavyotumia." Sema pia kama umewahi kuchomwa sindano ya goti au mgongo, kwa kuwa baadhi ya sindano hizo ni steroidi inayokaa mwilini kwa wiki kadhaa. Na kama unatumia dawa za kufubaza virusi zenye ritonaviri, lisemwe hilo pia chumbani kwa daktari: ritonaviri huzuia ini lisiivunje steroidi, kiasi kwamba hata sindano moja ya goti au dawa ya pumu ya kuvuta inaweza kumletea mtu uso wa mviringo na presha.

Mwombe akupimie TSH. Ni homoni inayotoka kwenye ubongo kwenda kuiamuru tezi ya shingo, kwa hiyo tezi ikilala TSH hupanda, na tezi ikizidi TSH hushuka. Ikiwa ya kawaida kwa mtu kama wewe, hoja ya majirani imefungwa kwa kipimo kimoja. Ikiwa si ya kawaida, T4, yaani homoni ya tezi yenyewe, ipimwe. Ila nikutahadharishe kwamba steroidi nyingi zenyewe zinaweza kuishusha TSH kidogo, kwa hiyo ikija chini kidogo huku T4 ni nzuri, asikimbilie kukuanzishia dawa za tezi. Pamoja na hayo pima potasiamu, figo na sukari. Potasiamu ina uzito wa pekee kwako kwa sababu dawa za kukojoza za kawaida tunazotoa kwa presha nazo huipoteza kwenye mkojo, na steroidi ikiongezewa juu yake inaweza kushuka mpaka misuli ikalegea zaidi na moyo ukapiga ovyo.

Kipimo cha kortisoli ndicho kinachowachanganya watu, na hata baadhi yetu wa kada ya afya. Mtu anakuja na sura yote ya kortisoli iliyozidi, damu inapimwa saa 2 asubuhi, majibu yanarudi: kortisoli iko chini sana. Anaambiwa hana tatizo. Kinyume chake, jibu hilo ni ushahidi mkubwa. Mashine inapima kortisoli ya mwili, haiisomi deksamethasoni. Sura inasema imezidi, damu inasema haipo. Maana yake iliyozidi inatoka nje, na tezi zako zimelala. Prednisoloni ni tofauti kidogo, inaweza kuihadaa mashine ikasoma juu kuliko ukweli, ndiyo sababu damu huchukuliwa asubuhi kabla ya kumeza kidonge cha siku hiyo.

Kuna kipimo kingine ambacho mtu humeza miligramu 1 ya deksamethasoni saa 5 usiku na kupimwa damu asubuhi. Mwenye afya kortisoli yake hushuka chini ya nanomoli 50 kwa lita. Isiposhuka tunatafuta uvimbe. Hicho ni kwa mtu ambaye tumehakikisha hatumii steroidi yoyote. Kwako kwa sasa hakitaeleza kitu, na kingekugharimu bure. Kitakuwa na kazi ikiwa mfuko wako utaonekana hauna steroidi hata moja, au ikiwa dalili zitaendelea kusonga mbele miezi kadhaa baada ya kuziacha. Hapo utahitaji mtaalamu wa homoni, kwa rufaa kupitia Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au Muhimbili. Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, sema kabla ya kipimo, kwa sababu huipandisha kortisoli ya kwenye damu pasipo ugonjwa wowote.

Tuseme sasa mfuko umefunguliwa na deksamethasoni imeonekana. Daktari kwa kawaida atakuhamishia kwenye prednisoloni kwa kiasi kinacholingana, ichukuliwe mara moja asubuhi, kisha aipunguze hatua kwa hatua kwa wiki kadhaa mpaka kufikia miligramu 5 au chini ya hapo. Kuanzia hapo mwendo ni wa polepole, na damu ya asubuhi hupimwa. Kortisoli ikizidi nanomoli 300 kwa lita, tezi zimeamka na dawa inaweza kuachwa. Ikiwa chini ya 150, bado zimelala, uendelee na dawa na upimwe tena baada ya miezi kadhaa. Katikati ya hapo daktari anaamua kwa hali yako. Kwa mtu aliyetumia zaidi ya mwaka, kuamka huko kunaweza kuchukua miezi mingi. Katika kipindi chote hicho, ukipata homa kali dozi inaongezwa kwa muda, na kila mhudumu anayekutibu, hasa kabla ya upasuaji au kujifungua, aambiwe.

Presha yako itashuka? Kwa walio wengi hupungua, na dawa zilizokuwa hazisikiki zinaanza kusikika. Lakini sitakuahidi kwamba utaziacha zote, kwa sababu mishipa iliyokazwa muda mrefu wakati mwingine haitaki kurudi ilivyokuwa, na pengine ulikuwa na presha ya kurithi hata bila haya. Uso hupungua kwanza, ndani ya miezi michache. Mapaja hurudisha nguvu taratibu, kwa chakula chenye protini na kutembea. Michirizi hufifia rangi, ila haifutiki.

Kwa sasa endelea na amlodipini. Ile dawa ya kukojoza iamuliwe baada ya kuona potasiamu. Huenda daktari akaibadilisha na spironolaktoni, ambayo inazuia vile vipokeo vya figo nilivyovieleza na kuihifadhi potasiamu. Akikuchagulia dawa ya kundi la losatani au enalaprili, mwambie kama unatarajia ujauzito, kwa maana hazifai kwa mtoto tumboni. Swali la mgongo wenyewe nalo lijibiwe, usirudishwe nyumbani na maumivu yaleyale yaliyokupeleka dukani. Steroidi za muda mrefu zinakondesha mifupa, na pingili za mgongo zinaweza kubonyea na kuongeza maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni nazo, ambazo karibu kila mchanganyiko wa dukani unazo, hushikisha mwili chumvi na kupandisha presha. Parasetamoli ni nafuu kwa presha yako.

Mama yako naye asisahauliwe kwenye safari hiyo. Rovu la miaka mingi huota vinundu, na baadhi ya vinundu hujifunza kutengeneza homoni bila kungoja amri ya ubongo. Mwanamke wa miaka 60 na kitu mwenye rovu la zamani ambaye siku hizi anakonda, moyo unamwenda mbio au unaruka mapigo, na namba ya juu ya presha inapanda peke yake, anahitaji TSH kuliko wewe. Wazee wengi hawatetemeki wala kutoka jasho. Wanachoka na kukonda tu, na familia inasema ni umri. Na kama rovu linambana akilala chali au sauti imebadilika, asingoje.

Ukiwa Makambako, anzia hospitali iliyo karibu yenye daktari na maabara inayopima potasiamu. Damu ya TSH na kortisoli ikihitaji kwenda mbali zaidi, watakuelekeza. Usingoje miadi ikiwa presha imefika 180/120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, kichwa kikali, macho kuona ukungu au upande mmoja wa mwili kulegea. Nenda pia saa hiyohiyo ukitapika mpaka vidonge havikai tumboni, ukisikia kuzimia unaposimama, au ukipata homa. Mtu aliye kwenye steroidi anaweza kuwa na maambukizi makubwa na joto likapanda kidogo tu. Ukifika mapokezi, neno la kwanza liwe kwamba umetumia steroidi kwa zaidi ya mwaka, kisha ndipo ueleze mengine.